Mstari Mmoja Baada ya Jibu

Watahiniwa wawili wamepewa swali moja la fizikia. Linawataka wathibitishe kwamba mwanga unapopita kutoka hewani kuingia kwenye kioo chenye uso uliobinuka kama kipande cha tufe, umbali wa kitu na umbali wa taswira yake hufungamana kwa mlinganyo huu:

n₁/u + n₂/v = (n₂ − n₁)/R

Swali lina alama 10. Wote wawili wamemaliza kwa mstari huo, bila kosa hata la herufi. Mmoja amepata 10, mwenzake 5. Aliyepata 5 anaona kaonewa, kwa kuwa jibu lake ni lilelile.

Lakini jibu hilo alipewa na swali lenyewe. Kulinakili mwishoni mwa ukurasa hakumwonyeshi msahihishaji kitu asichokijua. Katika maswali ya namna hii alama zimetawanywa njiani: nyingine ziko kwenye mchoro, nyingine kwenye masharti yaliyotajwa waziwazi, nyingine kwenye kila hatua ya hesabu, na chache ziko mahali ambapo watahiniwa wengi hawafiki kabisa, yaani kwenye mistari ya kuuhakiki mlinganyo baada ya kuupata.

Herufi zenyewe si nyingi. Kitu kinachotoa mwanga kipo mahali O, umbali u kutoka kwenye uso. Taswira yake inaundwa mahali I, umbali v upande wa pili. R ni nusukipenyo cha tufe ambalo uso huo ni kipande chake, na C ni kitovu cha tufe hilo. Herufi n₁ na n₂ zinaeleza jinsi kila upande unavyoupinda mwanga: kwa hewa ni 1, kwa maji ni kama 1.33, kwa kioo cha kawaida ni kama 1.5. Mahali uso unapokatwa na mhimili, yaani mstari unaopita O, C na I, huitwa P.

Mchoro ndio mwanzo, na unastahili karibu nusu ukurasa. Mtahiniwa anayechora kijipicha kidogo kama stempu pembeni mwa karatasi atabanana baadaye, kwa sababu ndani yake zinatakiwa kuingia pembe tano, na pembe zisizosomeka hazihesabiwi. Kwa penseli na rula, mhimili unachorwa kwanza, kisha tao la uso, kisha kitovu C upande wa kioo. Baada ya hapo mwale mmoja unatoka O na kugonga uso mahali M, kimo h juu ya mhimili. Kutoka C unachorwa mstari wa nukta unaopita M na kuendelea hadi upande wa hewa. Huu ndio mstari uliosimama wima juu ya uso pale M, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Wapo wanaouchora ukiwa wima kwa mhimili, au ukielekea popote tu. Lakini kila mstari unaotoka kitovuni mwa tufe huukuta uso kwa pembe mraba, kwa hiyo ni lazima upite C. Usipopita C, jiometria yote inayofuata haina pa kushika.

Mwale ukishaingia kwenye kioo unajisogeza karibu zaidi na mstari huo wa nukta, unashuka, na kuukata mhimili mahali I. Mishale iwekwe kwenye mwale ili ionekane mwanga unaelekea wapi. Pembe i ni ile iliyo kati ya mwale wa hewani na mstari wa nukta. Pembe r ni ile iliyo kati ya mwale wa ndani ya kioo na mstari huohuo. Anayepima pembe i kutoka kwenye uso wa kioo, badala ya kuipima kutoka kwenye mstari wa nukta, amepotea kabla hajaandika mlinganyo wa kwanza. Zinabaki pembe tatu kwenye mhimili: α pale O, β pale I, na γ pale C. Mwisho, kutoka M ushushwe mstari wima hadi mhimili, na mguu wake uitwe N.

Hapo mtahiniwa makini huona jambo la kumtatiza. Kwenye mchoro wake, N na P ziko mbali kidogo, na pembe ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Hivi punde ataandika kwamba pembe ni ndogo na kwamba N na P ni kitu kimoja. Je, mchoro unamkana? Haumkani, ila ni lazima aseme. Sentensi moja chini ya mchoro inatosha: kimo h kimekuzwa ili pembe zionekane, katika hesabu h ni kidogo sana kikilinganishwa na u, v na R.

Sentensi hiyo tayari ni sehemu ya masharti, na masharti ndiyo alama rahisi kuliko zote na zinazopotezwa zaidi. Kwa swali hili yako machache. Miale inapita karibu na mhimili, hivyo pembe zote ni ndogo. Uso ni kipande cha tufe kamili. Kila upande una n moja isiyobadilika, na mwanga ni wa rangi moja, maana kioo hukipinda kila rangi kwa kiasi chake. Kisha kanuni ya ishara: hapa umbali wa kitu halisi na wa taswira halisi ni chanya, umbali wa taswira isiyo halisi ni hasi, na R ni chanya kitovu kinapokuwa upande ambao mwanga unaelekea. Vipo vitabu vinavyotumia kanuni nyingine, ambayo kila umbali hupimwa kutoka P na unaopimwa kinyume cha mwendo wa mwanga huwa hasi, na mlinganyo wao hutoka na alama ya kutoa badala ya kujumlisha. Zote mbili ni sahihi. Kosa ni kuanza na moja na kumaliza na nyingine, na msahihishaji hawezi kujua ipi imetumika kama haikuandikwa.

Sasa hesabu. Katika pembetatu OMC, i ni pembe ya nje, kwa hiyo ni sawa na jumla ya pembe mbili za ndani zisizopakana nayo:

i = α + γ

Katika pembetatu CMI pembe ya nje ni γ, kwa hiyo γ = r + β, yaani:

r = γ − β

Mwanga unapovuka uso hufuata kanuni inayojulikana kwa jina la Snell, Mholanzi aliyeifikia mwaka 1621, ingawa uwiano huohuo ulikwishatumika katika maandishi ya Ibn Sahl wa Baghdad, mnamo 984, alipokuwa akishughulikia maumbo ya lenzi:

n₁ sin i = n₂ sin r

Kwa kuwa pembe ni ndogo, sin ya pembe ni karibu sawa na pembe yenyewe ikipimwa kwa radiani. Hatua hii isirukwe kimyakimya. Iandikwe kwamba ni makadirio, na itajwe kuwa yanaruhusiwa na sharti la kwanza. Hapo mlinganyo unakuwa n₁i = n₂r, na ukiweka i na r za hapo juu:

n₁(α + γ) = n₂(γ − β)

n₁α + n₂β = (n₂ − n₁)γ

Kilichobaki ni kuzigeuza pembe kuwa umbali. Tanjenti ya α ni h ikigawanywa kwa ON. Pembe ikiwa ndogo, tanjenti nayo ni sawa na pembe, na N ikiwa imekaribiana na P, ON ni sawa na u. Kwa hiyo α ni h/u, β ni h/v, na γ ni h/R. Zikiwekwa zote, kila kipande cha mlinganyo kina h. Inafutika, na mlinganyo uliotakiwa unabaki.

Kufutika kwa h si usafi wa hesabu tu. Kunasema kwamba v haitegemei mwale umegonga uso kwa kimo gani. Miale yote inayotoka O, mradi iko karibu na mhimili, inakutana mahali pamoja, na ndiyo sababu taswira inaundwa badala ya ukungu wa mwanga. Mtahiniwa anayeandika hilo kwa sentensi moja ameonyesha kwamba anaelewa fomula yake inaongea nini.

Wengi huishia hapo, wakapiga mstari na kwenda swali linalofuata. Swali linapomalizia na maneno kama "hakiki jibu lako kwa hali za kikomo", ndipo mtu anapoandika haraka kwamba R ikiwa kubwa sana uso unakuwa bapa, basi. Ni kweli, lakini ni nusu ya kazi. Hali ya kikomo ni ile ambayo jibu lake linajulikana kwa njia nyingine, bila kuutumia mlinganyo. Kuhakiki ni kuuliza mlinganyo swali ambalo jibu lake mtu tayari analo mkononi.

Hilo la uso bapa lichukuliwe kikamilifu. R ikikua bila kikomo, upande wa kulia unakuwa sifuri, na inabaki v = −(n₂/n₁)u. Kitu kikiwa ndani ya maji na mtazamaji akiwa hewani juu yake, n₁ ni 4/3 na n₂ ni 1, kwa hiyo v ni −¾u. Bwawa la kina cha mita 2, ukilitazama kwa wima kutoka juu, linaonekana lina mita 1.5. Kila aliyewahi kuinama juu ya kisima au kuchota sarafu iliyoanguka ndani ya beseni analijua hilo: kitu kinaonekana kimeinuka. Ishara ya kutoa nayo ina kazi, inasema taswira iko upande uleule wa maji na si halisi. Mlinganyo umejibu vizuri.

Hali ya pili ni pande zote mbili kuwa kitu kimoja, n₁ sawa na n₂. Hapo kimsingi hakuna uso. Upande wa kulia unakuwa sifuri tena, na v = −u: taswira iko palepale kitu kilipo, kwa kuwa mwanga haukupinda. Mlinganyo umejibu vizuri tena.

Sasa litazamwe jambo ambalo hutenganisha uhakiki wa kweli na wa kujaza karatasi. Tuseme mtahiniwa aliteleza mahali fulani na upande wake wa kulia ukawa (n₁ − n₂)/R, ishara imegeuka. Akihakiki kwa R kubwa, upande huo unakuwa sifuri na jibu linatoka sahihi. Akihakiki kwa n₁ sawa na n₂, unakuwa sifuri vilevile na jibu linatoka sahihi. Au tuseme aliandika 2R badala ya R: hali zote mbili zinampitisha. Amefanya uhakiki mara mbili, fomula yake ni mbovu, na hajui. Sababu iko wazi ukiiangalia: hali zote mbili zinaufuta upande wa kulia, na kosa limejificha humohumo. Zingekamata tu kosa la namna nyingine, mfano aliyeandika (n₂ + n₁)/R, ambaye angeona upande wa kulia haufutiki pale n mbili zinapolingana.

Kwa hiyo inahitajika hali ambayo upande wa kulia unabaki hai. Ipo, na haihitaji hesabu ndefu. Kitu kiwekwe palepale kwenye kitovu cha tufe, yaani uso ukiwa umebonyea kuelekea kitu hicho, kama mtu anayetazama kutoka katikati ya bakuli la mviringo. Kila mwale unaotoka kitovuni unagonga uso kwa pembe mraba, na mwale wa namna hiyo haupindi hata kidogo, n ziwe zozote. Taswira lazima iwe hapohapo, v = −u. Hili linajulikana bila fomula yoyote, na wala halitegemei sharti la pembe ndogo. Kitovu kiko upande mwanga unakotoka, kwa hiyo R = −u. Likiwekwa:

n₁/u + n₂/v = −(n₂ − n₁)/u

n₂/v = −n₂/u

v = −u

Imetoka sawasawa. Fomula yenye ishara iliyogeuka inaanguka hapa, kwa kuwa inatoa n₂/v = (n₂ − 2n₁)/u. Yenye 2R inaanguka pia. Mstari huu mmoja unafanya kazi ambayo ile miwili haikuweza, na mtahiniwa mwenye nafasi ya uhakiki mmoja tu angefanya vizuri kuuchagua huu.

Kuna upande mwingine wa masharti ambao huandikwa kama sala, bila kufikiriwa: pembe ndogo, lakini ndogo kiasi gani? Kioo chenye n ya 1.5 na R ya sentimita 10 kinapigwa na miale sambamba kutoka mbali. Mlinganyo, u ikiwa kubwa bila kikomo, unasema v = n₂R/(n₂ − n₁), sawa na sentimita 30. Sasa mwale mmoja ufuatwe kwa kanuni ya Snell kamili, bila makadirio. Ukigonga uso sentimita 1 juu ya mhimili, unaukata mhimili kwenye sentimita 29.93 kutoka P. Tofauti ni chini ya milimita moja. Ukigonga sentimita 5 juu, sin i ni 0.5, pembe i ni nyuzi 30, r ni nyuzi 19.5, na mwale unaukata mhimili kwenye sentimita 28.24. Umekosea shabaha kwa karibu sentimita 1.8. Kimo kimeongezeka mara 5, kosa limeongezeka kama mara 26, maana linakua takriban kwa mraba wa kimo.

Kosa hilo si la hesabu, ni la uso wenyewe: tufe haliikutanishi miale ya pembeni na ya katikati mahali pamoja. Mafundi wa kamera na darubini hupambana nalo kwa kuziba miale ya pembeni, kwa kuunganisha lenzi kadhaa, au kwa kusugua nyuso zisizo za tufe. Carl Friedrich Gauss, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1841, aliijenga nadharia nzima ya mifumo ya lenzi juu ya sharti hili la miale ya karibu na mhimili, akijua kwamba ni ya ukanda huo tu. Jibu la mtihani halihitaji hesabu hiyo ndefu. Linahitaji mtahiniwa aandike kwamba mlinganyo ni makadirio na kwamba unaharibika h inapokaribia ukubwa wa R.

Kutoka hapa hadi lenzi ni hatua fupi: mlinganyo unatumika mara mbili, taswira ya uso wa kwanza ikiwa kitu cha uso wa pili, na unene wa lenzi ukipuuzwa. Sharti hilo la unene nalo liandikwe, kwani bila hilo v ya kwanza haiwezi kuhamishwa moja kwa moja kuwa u ya pili.

Lakini uso mmoja peke yake hauishi kwenye karatasi za mitihani tu. Upo mbele ya jicho. Konea, ile ngozi angavu ya mbele, ina n ya kama 1.376 na mbinuko wenye R ya karibu milimita 7.8. Mtu akiwa ufukweni akitazama jahazi la mbali, n₁ ni 1, na uso huo wa mbele peke yake ungekusanya miale milimita 28.5 nyuma yake. Jicho lina urefu wa kama milimita 24, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi imeshafanywa, na lenzi iliyomo ndani inamalizia.

Mtu huyohuyo akizama na kufumbua macho chini ya maji, n₁ sasa ni 1.333. Tofauti ya n₂ na n₁ imeshuka kutoka 0.376 hadi 0.043. Ukiweka namba hizo kwenye mlinganyo uleule, v inaruka hadi karibu milimita 250, sentimita 25 nyuma ya jicho lenye sentimita mbili na nusu. Lenzi ya ndani haiwezi kufidia pengo hilo, na kila kitu kinakuwa ukungu. Ni ile hali ya pili ya kikomo, n mbili zikikaribiana na uso ukaribie kutoweka. Miwani ya kuzamia haina lenzi yoyote, ni kioo bapa tu. Kazi yake ni kurudisha hewa mbele ya konea, ili n₁ iwe 1 tena. Kioo hicho bapa nacho kina R isiyo na kikomo, na ndiyo maana samaki anayeonekana kupitia miwani hiyo huonekana yuko karibu zaidi, kwenye robo tatu ya umbali wake halisi.